Siku tatu za majaribio bila malipo: kisa cha mpima ubora wa korosho Mtwara

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, mwanzoni mwa msimu wa korosho, wakati magari ya mizigo kutoka vyama vya msingi yanapoanza kupanga foleni nje ya maghala. Majina ya wahusika, la ghala na la ofisi ya wakala yameondolewa, na mambo machache ambayo yangemfanya mtu atambulike yamebadilishwa bila kugusa kiini cha jambo lenyewe.

Mwombaji alikuwa binti mwenye stashahada ya kilimo, aliyekuwa akimsaidia shangazi yake dukani na kulipwa kwa siku. Alikuwa ameomba nafasi ya msaidizi wa mpima ubora katika ghala linalopokea korosho ghafi kwa ajili ya mnada. Maombi hayakupelekwa moja kwa moja kwa mwajiri, bali kwa wakala binafsi wa ajira, ambaye mwajiri humlipa kwa kila mtu anayeingia kazini na kudumu walau mwezi wa kwanza. Makubaliano hayo kati ya wakala na mwajiri yana uzito katika kisa hiki, kwa sababu yanaonyesha ni kwa nini majibu ya wakala yalikuwa jinsi yalivyokuwa. Wakala alitaka mtu aanze kazi haraka, na alitaka asiondoke.

Kazi yenyewe ni ya mikono na macho. Msaidizi huchoma magunia kwa bambo na kuchukua sampuli, huzichanganya, hupima kilo moja, huhesabu korosho zilizomo, hupima unyevu, kisha hukata kila korosho kwa urefu na kutenga viini vizuri, vyenye madoa, vilivyosinyaa na vilivyooza. Viini hupimwa kwa mizani ndogo na matokeo hugeuzwa kuwa ratili za kiini kwa gunia la kilo 80. Namba hiyo ndiyo mnunuzi anayoitazama, kwa hiyo mtu anayekosea kutenga viini anamkosesha mkulima bei au anampa mnunuzi mzigo asioutarajia. Cheti cha chuo hakionyeshi kama mtu anaweza kazi hii. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba mwajiri alikuwa na sababu ya haki ya kutaka kumwona mwombaji akikata korosho kabla ya kusaini naye mkataba. Mgogoro haukuwa juu ya kuwepo kwa jaribio, bali juu ya urefu wake, yaliyomo ndani yake na nani anayebeba gharama.

Ujumbe wa wakala na swali la kwanza

Siku mbili baada ya usaili, mwombaji alipokea ujumbe wa simu kutoka kwa wakala: “Habari, mdogo wangu. Hongera, umepita usaili. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi ufike ghalani kwa majaribio ya siku tatu. Majaribio hayana malipo. Ukifanya vizuri mkataba unafuata. Njoo na kitambulisho.”

Katika usaili walikuwa wamekwisha kuelewana kiwango cha shilingi 15,000 kwa siku. Kwa hiyo siku tatu zilikuwa na thamani ya shilingi 45,000, na nauli ya bajaji kwenda na kurudi ingemgharimu shilingi 4,000 kila siku, mbali na malipo ya dukani ambayo angeyakosa. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, hasara hiyo si ndogo, na isitoshe hakukuwa na ahadi yoyote kwamba angeajiriwa.

Alijibu siku hiyo hiyo: “Shikamoo kaka. Nashukuru sana. Naomba kuuliza, je, ni kawaida siku za majaribio kutolipwa?”

Jibu lilikuja baada ya dakika chache: “Marahaba. Ndiyo, ni kawaida. Maghala mengi msimu huu yanafanya hivyo. Kama una wasiwasi niambie mapema, kuna wengine wanasubiri.”

Hapo ndipo aliponiletea ujumbe huo, kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya utumishi na bado watu huniletea mambo kama haya niyatazame. Swali lake lilikuwa la adabu na halikuwa na kosa la lugha, lakini lilikuwa swali ambalo wakala angeweza kulifunga kwa neno moja. Kumuuliza mtu kama jambo ni la kawaida ni kumuuliza habari za desturi, na desturi inaweza kuwa imeenea na bado ikawa haina msingi. Tena aliyeulizwa ndiye aliyetuma sharti lenyewe. Hakuwa na sababu ya kulikana. Sentensi ya mwisho, ile ya wengine wanaosubiri, ilimwonyesha mwombaji kwamba swali lake limesomwa kama dalili ya kusita.

Njia zilizokuwepo

Mwombaji alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kwenda kimya kimya, kufanya kazi siku tatu na kutumaini. Ya pili ilikuwa kukataa na kutafuta kwingine, jambo gumu kwa kuwa nafasi za msimu hujazwa ndani ya siku chache na zikijaa ndiyo basi hadi mwaka unaofuata. Ya tatu ilikuwa kumrudia wakala na maswali yenye maelezo ya kutosha kiasi kwamba asiweze kuyajibu bila kumpigia meneja wa ghala.

Alichagua ya tatu, na sababu yake ilikuwa ya busara. Alihisi kwamba huenda sharti la kutolipwa halikutoka kwa meneja. Katika usaili meneja alizungumza naye kwa simu dakika chache, akasema tu kwamba angependa “kumwangalia mikono” kabla ya kusaini. Hakutaja siku tatu wala suala la malipo. Katika kazi hii ya kuunganisha watu na waajiri, masharti mengi hubebwa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, au kutoka msimu mmoja hadi mwingine, bila mtu kuyapitia upya.

Tulijadiliana pia kama angempigia meneja mwenyewe. Niliona afadhali asifanye hivyo kwanza, kwa sababu wakala angejiona amerukwa, na meneja angeweza kujibu tu kwamba mambo hayo yazungumzwe na wakala. Kumpitia wakala kulimpa wakala nafasi ya kurekebisha jambo bila kuonekana amekosea mbele ya mteja wake.

Sheria inasema nini

Kabla ya kuandika tena, ilibidi tuelewe tumesimama wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haitaji popote siku za kazi za bure kwa ajili ya kumjaribu mtu. Inachokitambua ni kipindi cha matazamio, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza kwamba kipindi hicho kiwe cha urefu unaofaa kulingana na kazi na kisizidi miezi 12. Lakini mtu aliye katika matazamio ni mwajiriwa tayari. Analipwa mshahara, na kiwango chake hakiwezi kushuka chini ya kima cha chini kilichowekwa na amri ya mishahara kwa sekta husika. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakadhani kwamba kwa kuwa sheria inaruhusu matazamio, basi inaruhusu pia kutolipa wakati wa matazamio.

Upande wa pili wa swali ni lini mtu anakuwa mwajiriwa ikiwa hajasaini kitu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaweka dhana ambayo watu wengi hawaijui: anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa. Miongoni mwake ni kufanya kazi chini ya usimamizi au maelekezo ya mwingine, saa za kazi kupangwa na mwingine, na kupewa vifaa vya kazi. Binti anayeambiwa afike saa moja na nusu, asimame mezani kwa msimamizi, akate korosho za mzigo wa siku hiyo kwa kisu na mizani ya ghala, ana zaidi ya jambo moja kati ya hayo.

Lakini kuna eneo ambalo sheria haikulichorea mstari. Jaribio fupi la saa mbili au tatu, ambalo mwajiri hapati faida yoyote kutokana na kinachotengenezwa, liko karibu zaidi na usaili kuliko kazi. Sikumshauri mwombaji adai malipo ya jaribio la namna hiyo, na sidhani angelipata. Kipimo nilichompa kilikuwa hiki: ukiondoka, je, kazi uliyoifanya inabaki kutumika? Kama karatasi uliyoijaza inaingia kwenye jalada la mzigo na kwenda kwa mnunuzi, umefanya kazi. Kama inatupwa kapuni baada ya kulinganishwa na jibu la msimamizi, umefanya mtihani.

Kuna pia suala la kuumia, ambalo katika korosho si la nadharia. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza ngozi, na kisu kinachopasua ganda gumu kikiteleza hukata kidole. Mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa ajili ya watu wake, lakini mtu ambaye jina lake haliko katika karatasi yoyote ya ghala atapata taabu kuthibitisha kwamba aliumia akiwa kazini, hasa ikiwa siku hizo ziliitwa majaribio yasiyo na malipo.

Ujumbe wa pili

Ujumbe aliouandika baada ya hapo ulisomeka hivi:

“Shikamoo kaka. Bado naihitaji sana nafasi hii, na Jumatatu niko tayari kufika. Ili nijipange, naomba unisaidie kupata majibu ya meneja kwa mambo haya. Je, nitakata sampuli zilizoandaliwa kwa ajili ya kunipima, au za mizigo inayopokelewa siku hiyo? Kama ni kunipima tu, linaweza kumalizika kwa nusu siku? Kama nitafanya kazi ya kawaida ya ghala, siku hizo zitahesabiwa kwa kile kiwango cha 15,000 tulichoelewana? Nikiumia mkono nikiwa huko, nani atanihudumia? Na jibu la kuchukuliwa au kutochukuliwa nitalipata lini? Nitashukuru ukinijibu kwa maandishi ili nisije nikakosea.”

Sheria haikutajwa hata mara moja, na hilo lilikuwa la makusudi. Mtu anayetajiwa vifungu kabla hajakataa kitu huanza kujitetea, na wakala angeweza kumwambia meneja kwamba amempata mtu wa kesi. Maneno ya kwanza yaliondoa shaka iliyoachwa na ujumbe wa awali, yaani kwamba anasita. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kabisa kwa mtu anayejiandaa na kazi, lakini kila moja lilihitaji jibu ambalo wakala hakuwa nalo. Swali la kuumia ndilo nililolipigania libaki, ingawa mwombaji aliliona kama la kujitakia mabaya, kwa sababu meneja yeyote wa ghala la korosho amekwisha kuona mikono iliyoungua na hawezi kulichukulia kama swali la ukorofi.

Wakala alikaa kimya mpaka kesho yake mchana. Kisha akaandika kwamba amezungumza na meneja: jaribio litakuwa la nusu siku, kuanzia saa mbili hadi saa sita, kwa sampuli zilizoandaliwa, halitalipwa, ila nauli ya shilingi 4,000 itarudishwa, akifaulu atasaini mkataba siku inayofuata na kuanza na mwezi mmoja wa matazamio wenye malipo, glavu na huduma ya kwanza vipo ghalani. Baadaye, akiwa ametulia, wakala alikiri kwamba maneno “majaribio hayana malipo” aliyanakili kutoka kwenye ujumbe wa msimu uliopita.

Siku ya jaribio

Jaribio lenyewe liliandaliwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Msimamizi wa maabara ya ghala alimwekea sampuli mbili za kilo moja moja. Sampuli ya kwanza ilikuwa nusu ya sampuli kubwa ambayo msimamizi alikwisha kuikata mwenyewe, na matokeo yake alikuwa ameyaandika na kuyafunika. Aliikuta na ratili 49. Mwombaji, baada ya kukata korosho zote, alipata gramu 264 za viini vizuri na gramu 24 zenye madoa. Vyenye madoa huhesabiwa nusu, kwa hiyo akajumlisha 264 na 12, akapata 276; akazidisha kwa 80 na kugawanya kwa 453.6, akapata ratili 48.7. Tofauti ilikuwa ndogo, na msimamizi alipoangalia marundo aliona kwamba binti alikuwa mkali kidogo: viini vichache ambavyo yeye aliviita vizuri, binti aliviweka kwenye madoa. Sampuli ya pili ilikuwa na unyevu mkubwa, iliyowekwa kwa makusudi kuona kama atapima unyevu kabla ya kukata. Alipima.

Jaribio la namna hii linafundisha kitu, kwa sababu jibu lilikuwepo kabla ya mwombaji kushika kisu. Msimamizi hakuhitaji siku tatu. Saa tatu zilimwonyesha kasi yake, jicho lake na kama anafuata utaratibu, na karatasi zote mbili alizozijaza hazikuwa na kazi nyingine.

Saa sita kasoro, magari mawili kutoka chama kimoja cha msingi yaliingia kwa pamoja, na mmoja wa wakataji wa siku hiyo hakuwepo. Msimamizi akamwambia mwombaji, kwa wema kabisa, “Dada, kaa kidogo utusaidie, tumezidiwa.” Akakaa. Alikata sampuli za magari yote mawili mpaka saa kumi na moja jioni, akajaza fomu za matokeo na kuweka saini fupi kwenye sehemu ya mkataji, kama wenzake. Hakuna aliyezungumzia malipo.

Angeweza kuondoka. Aliniambia baadaye kwamba lilimpitia wazo la kusema muda wake umekwisha, lakini jaribio lilikuwa limekwenda vizuri na hakutaka kuharibu kwa kuonekana anahesabu saa. Sina la kumlaumu. Mwombaji aliye ndani ya geti, mbele ya mtu atakayeamua kesho kama ataajiriwa, hana nafasi ya kujadiliana, na ndiyo maana maswali yanafaa yaulizwe kabla ya kufika.

Alichofanya ni kuandika jioni hiyo, akimshukuru wakala kwa jinsi jaribio lilivyoendeshwa, kisha akiongeza: “Kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja nilikata sampuli za magari mawili yaliyopokelewa leo, kwa maelekezo ya msimamizi. Naomba muda huo uhesabiwe kama nusu siku, 7,500, katika malipo yangu ya kwanza.” Hakuuliza kama inawezekana. Alieleza kilichotokea, saa, nani aliyeelekeza na kiasi.

Matokeo

Alisaini mkataba kesho yake. Nauli ya shilingi 4,000 alipewa mkononi. Ile nusu siku haikuja kirahisi. Wakala alijibu kwamba huo ulikuwa moyo wa kusaidia na kwamba meneja hakukataa wala hakuahidi kuulipia, na malipo ya kwanza yalipotoka hayakuwa na shilingi 7,500. Mwombaji alimkumbusha wakala mara moja kwa maandishi, bila kelele, akitaja tarehe na magari yale mawili. Fedha ziliingia katika malipo yaliyofuata. Nilipomuuliza mhasibu wa ghala, kwa njia ya mazungumzo tu, kilichobadilisha mambo, alisema kwamba fomu za matokeo zilikuwa na saini ya mkataji ambaye siku hiyo hakuwepo kwenye orodha ya malipo, na mkaguzi angeuliza.

Kilichofaa na kilichokwama

Jambo lililofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuhamisha swali kutoka kwenye desturi kwenda kwenye maelezo ya siku yenyewe. Swali la kwanza lilimwachia wakala atoe hukumu. La pili lilimfanya awe mjumbe. Wakala anayelipwa na mwajiri si hakimu mzuri wa jambo hili, lakini ni mjumbe mzuri sana, kwa sababu ana sababu zake mwenyewe za kutaka mtu aanze na adumu. Mtu anayefanyishwa kazi siku tatu bila malipo huondoka mara apatapo kibarua kingine, na akiondoka ndani ya mwezi wa kwanza wakala hapati chake. Mwombaji hakuhitaji kumweleza hilo. Ilitosha kumpa maswali ambayo yangemlazimu kuzungumza na mteja.

Jambo la pili lililofaa ni maandishi. Si kwa sababu kila kitu kitaishia mbele ya sheria, bali kwa sababu makubaliano ya nusu siku yalikuwa na mpaka unaosomeka: saa sita. Bila mpaka huo, ile mchana isingekuwa kazi ya ziada, ingekuwa sehemu ya jaribio tu, na dai la 7,500 lisingekuwa na mahali pa kuanzia.

Kilichokwama ni kwamba ujumbe wa pili haukuuliza itakuwaje muda ukizidi. Uliuliza kama siku za kazi ya kawaida zitalipwa, na meneja alijibu kwa kuweka jaribio la nusu siku, hivyo swali likaonekana limekwisha. Sentensi moja zaidi, ya kuomba kwamba muda utakaozidi saa sita uhesabiwe, ingemwondolea kero ya majuma kadhaa. Wanaoandaa majaribio wanajua kwamba ghala katikati ya msimu halina mchana mtulivu. Meneja angeweza pia kumwagiza msimamizi amtoe mwombaji getini saa sita, liwe liwalo.

Nguvu ya mwombaji ilikuwa na mipaka pia. Kama angefukuzwa baada ya wiki mbili, asingeweza kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, kwa kuwa sehemu hiyo ya sheria haimhusu mtu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri yule yule. Angestahili notisi isiyopungua siku saba katika mwezi wa kwanza, na malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Malipo ya kazi iliyofanyika ni dai linalosimama lenyewe. Halitegemei mtu amedumu muda gani.

Kijana aliyetangulia

Kisa hiki kina mtu mwingine ambaye sikukutana naye mpaka mwezi wa pili wa msimu. Wiki moja kabla ya binti huyu, kijana mmoja alikuwa amepelekwa ghala hilo hilo na wakala huyo huyo, kwa ule ujumbe wa zamani wa siku tatu. Hakuuliza kitu. Siku ya kwanza alikata sampuli za majaribio, siku ya pili na ya tatu akakata za mizigo iliyokuwa ikiingia, na jioni ya siku ya tatu akaambiwa atapigiwa simu. Hakupigiwa.

Alipokuja kuniuliza, nilimwambia kwamba fomu za siku ya pili na ya tatu zina saini yake na bado ziko kwenye majalada ya ghala. Kwamba anaweza kuanza kwa kumwandikia wakala barua fupi ya kudai siku mbili, shilingi 30,000. Na kwamba ikishindikana anaweza kumwona Afisa Kazi wa mkoa, au kujaza fomu namba moja ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Dai la namna hiyo hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na zake zilikuwa zimebaki chache. Nilimweleza pia kwamba mahali ambapo mwajiri hana mkataba wa maandishi wala maelezo ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo humwangukia mwajiri, si yeye.

Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama barua kwa wakala ingemfanya asiitwe tena msimu ujao. Nilimjibu kwamba sikuweza kumhakikishia upande wowote. Aliandika barua, akadai siku mbili bila kutaja Tume, na wakala akamlipa shilingi 15,000 kutoka mfukoni mwake akisema siku ya pili ilikuwa bado ya mafunzo. Kijana akazipokea na hakwenda mbele zaidi.